Barua ya Mume Wangu Imo Kwenye Droo Yangu

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kazini, na kuandika mambo ya nyumbani kwenye karatasi ya ofisi ni kosa, lakini kosa hilo ni dogo ukililinganisha na lile lililomo kwenye droo ya meza yangu, droo ya chini, yenye kufuli, chini ya bunda la bahasha za kaki. Leo ni siku ya tisa limo humo, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Mimi ni karani wa masjala katika hospitali kubwa ya mji wetu. Masjala ni kile chumba chenye dirisha dogo ambapo kila barua inayoingia lazima ipite, mimi naifungua, naigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, naipa namba, naiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, kisha naipeleka kwa mhusika, na kazi hii nimeifanya miaka sita bila kupoteza hata karatasi moja. Mkuu wangu wa masjala, mama mkali ambaye hacheki kabla ya saa nne asubuhi, huwaambia wageni kwamba kwangu hata ganda la peremende lina namba.

Mume wangu tupo naye hapo hapo. Yeye ni fundi wa vifaa vya hospitali, karakana yake iko nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, anatengeneza mashine za oksijeni, mashine za kuchemshia vyombo kwa mvuke, mizani za watoto wachanga, vipimo vya presha, kila kitu chenye waya au mpira, na watu wanamwita Daktari wa Mashine. Jumamosi, kwa ruhusa ya kazini, huenda kwenye zahanati ndogo na kliniki za meno kuwatengenezea vifaa vyao, na siku hizo hurudi mtu mwingine kabisa, anapiga mluzi tangu getini. Siku za kazi hurudi amenuna, kwa sababu hospitalini mashine ya oksijeni inaweza kulala miezi mitatu ikisubiri kichujio ambacho bei yake haizidi jozi ya kandambili, ombi linazunguka ofisi hadi ofisi, na mimi najua kwa sababu kila likipita naligonga muhuri. Mara mbili amenunua kichujio kwa pesa yake mwenyewe kimyakimya, kwa kuwa wodi ya watoto walikuwa wanapokezana mashine moja.

Sasa, mwaka jana Jumapili moja tukiwa mezani, shemeji yangu, mdogo wake, akiwa amekuja kututembelea, mume wangu alisema anafikiria kuacha kazi afungue karakana yake mwenyewe, awe anafanya mikataba na zahanati, kila baada ya miezi mitatu anapita kukagua vifaa vyao kabla havijaharibika. Alilisema polepole, akiangalia sahani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Daktari wa mashine za watu, pasi ya nyumbani imekufa mwaka mzima. Si uanze na hiyo?" Shemeji alicheka mpaka akapaliwa. Mume wangu naye alicheka, ila kwa meno tu, na tangu siku hiyo hakuligusa tena jambo hilo, na mimi nikashukuru, nikadhani limekwisha.

Usinione mkatili. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliumwa nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu alikuwa mpiga chapa katika kiwanda cha vitabu, kazi nzuri, tukipata madaftari ya bure, na siku moja akaja nyumbani na mashine yake ya kuchapia kadi za harusi, imebebwa kwenye mkokoteni, mama akauliza ni ya nani, baba akasema ni yetu, na kwamba kazi ameshaacha tangu wiki iliyopita. Baada ya miezi kumi na moja waliomkopesha waliichukua kwa mkokoteni ule ule. Mama aliuza cherehani chake, na mimi nilikaa nyumbani mwaka mzima nikiwaangalia wenzangu wakipita na sare za shule, na hadi leo nikiona mkokoteni umefunikwa turubai navuka barabara.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita mume wangu alikuja dirishani kwangu na ovaroli yake, mikono ina grisi, akasukuma bahasha nne, akasema, "Za leo hizo, karani," akaondoka. Hilo la kuniita karani ni mzaha wetu wa kazini, sikulitilia maanani. Ya kwanza ilikuwa ombi la vipuri, ya pili vile vile, ya tatu nikaifungua, nikaigonga muhuri, nikaipa namba 417 kama mkono ulivyozoea, ndipo macho yakafika kwenye kichwa cha habari: "Yah: Kuacha kazi." Chini kuna jina la mume wangu na saini ile ile iliyoko kwenye cheti chetu cha ndoa. Notisi ya mwezi mmoja.

Sikupiga kelele. Nilisimama, nikafungua droo ya chini, nikaiweka, nikafunga, nikarudi kukaa, na barua iliyofuata nikaipa namba 418. Kwenye daftari mstari wa 417 uko mtupu. Mkuu wangu hukagua daftari kila mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ni wiki ijayo.

Nyumbani ndiko kunakonimaliza. Yeye haniulizi na mimi simuulizi. Anasema leo chumvi imezidi, nasema nitapunguza, watoto wanatuangalia kama wageni waliokuja kupima shamba. Na jana daktari wa meno mmoja kati ya wateja wake wa Jumamosi alipita masjala kuleta barua, akanipongeza kwamba mume wangu amepata chumba cha karakana karibu na kituo cha mabasi, na mwenye chumba anasubiri kodi ya miezi sita ifikapo mwisho wa mwezi. Nikatabasamu kama ninayejua.

Kuna mambo, mshauri wangu, ambayo mimi nayajua na yeye hayajui, na yananikaba. Yeye anaamini ameshatimiza miaka kumi ya kazi, kwa sababu anahesabu tangu alipoanza kama kibarua, lakini hospitali inahesabu kuanzia tarehe ya barua ya ajira, na kwa hesabu hiyo bado miezi mitano. Asiyetimiza kumi hapati kiinua mgongo, anapata michango yake tu, na najua ni hicho kiinua mgongo anachokitegemea kununulia vifaa vya kupimia. Bima ya afya ya watoto iko kwenye jina lake, na binti yetu mdogo ana pumu, kila mwezi tunachukua dawa yake ya kuvuta. Na mkopo wa kumalizia nyumba tuliuchukua kwa jina lake kwenye chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, unakatwa kwenye mshahara wake, umebaki miaka miwili, na wadhamini ni mimi na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole ambaye akiba yake yote iko humo.

Niirarue nijifanye haikufika? Niipeleke na tarehe ya uongo? Nikimwambia ukweli ataniona nimemsaliti, nikinyamaza tutapoteza kazi wote wawili, yeye kwa kutaka na mimi kwa kufukuzwa. Nampenda mume wangu, na nampenda zaidi Jumamosi. Ila naogopa mkokoteni.

Ni mimi,
Karani wa Droo ya Chini

MSHAURI ANAJIBU

Wasomaji wangu, barua hii sikuiweka kwenye foleni. Bibi huyu alikuwa na siku sita tu kabla daftari halijakaguliwa, kwa hiyo nilimpigia simu, kwa namba aliyoiandika nyuma ya bahasha, siku ile ile nilipoifungua. Yafuatayo ndiyo niliyomwambia, na ukali nimeuacha ulivyokuwa.

Bibie wa droo, kwanza toa hiyo barua mahali ilipo. Usiirarue, wala usiipe tarehe ya uongo. Hiyo si barua yako. Jina lililoandikwa chini ni la mtu mwingine, na kuwa mke wake hakukupi ruhusa ya kuifunga na kufuli. Umeniandikia kurasa tatu za kueleza unavyoogopa, na nimekuelewa, lakini woga ni wako na barua ni yake. Usivichanganye.

Sasa nikupe pole, kwa sababu unaistahili. Mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima akitazama sare za wenzake hasahau, na hakuna anayekulazimisha usahau. Lakini rudia kusoma ulivyoniandikia kuhusu marehemu baba yako, au kama yu hai Mungu amtunze. Mama yako alijua lini? Alijua mkokoteni ulipofika mlangoni. Wewe unadhani nyumba yenu iliangushwa na mashine ya kuchapia kadi. Mimi nasema iliangushwa na wiki nzima ambayo baba aliondoka asubuhi, akarudi jioni, akala, akalala, na hakusema neno. Biashara ikiyumba, watu wawili wanaoijua wanaweza kuishikilia, au kuifunga mapema kabla haijala cherehani. Mama yako hakupewa nafasi hiyo. Na wewe, kwa siku tisa, umemfanyia mumeo kile kile baba yako alichomfanyia mama yako.

Na yeye asijidhani amepona. Huyo Daktari wa Mashine ana miguu, anaijua njia ya ofisi ya utumishi, angeweza kuipeleka barua kwa mkono. Badala yake akaipitisha kwenye dirisha la mkewe, katikati ya maombi ya vipuri, akakuita karani. Halafu siku tisa hakuna aliyemjibu wala kumwita, na hajauliza. Mtu aliyeacha kazi kwa moyo mmoja huuliza siku ya pili. Nadhani anasubiri uipeleke au umzuie, ili uamuzi usiwe wake peke yake. Naweza kukosea, simjui. Lakini amempa karani habari iliyomstahili mke, na mke akaificha kwa ufunguo wa karani. Mmetoshana.

Unajua ilipoanzia? Kwenye pasi. Mtu alileta jambo alilokuwa akilibeba miezi mingi, akalileta akiangalia sahani, na wewe ukamchekesha mdogo wake kwa gharama yake. Najua ulikuwa unaficha woga kwa mzaha, wengi wetu hufanya hivyo. Yeye hakusikia woga, alisikia dharau. Kwa hiyo ukianza kuzungumza, anza hapo. Mwambie, "Siku ile nilikucheka kwa sababu niliogopa." Usiongeze "lakini". Funga mdomo usubiri.

Fanya hivi. Leo ukitoka kazini beba barua, mpe mkononi, mwambie siku zote tisa ilikuwa wapi. Akikasirika, muache akasirike, ana haki. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wako asiyecheka, kabla hajafungua daftari, umwambie mwenyewe kuhusu mstari wa 417. Utaumia. Lakini karani anayekiri mstari mtupu hupewa onyo, na anayekutwa nao huulizwa mistari mingine mingapi ameruka. Barua yenyewe ina muhuri, kwa hiyo ofisini imeshapokelewa, na mumeo aende ofisi ya utumishi aseme kwa maandishi kama anaiendeleza au anaiondoa kabla haijajibiwa. Achague yeye, na achague baada ya kuyajua unayoyajua.

Hapo ndipo kazi yenu ya kweli ilipo. Usimwambie "huna miaka kumi" kama anayemkamata mwizi. Mwambie akaombe kuona tarehe ya barua yake ya ajira, faili ni lake na ana haki ya kuliona. Akishaona kwamba miezi mitano ndiyo inayomtenganisha na kiinua mgongo, hutahitaji kumshawishi asubiri, tarehe itamshawishi. Na hiyo miezi mitano isiwe ya kungoja kwa mikono mitupu. Achukue likizo yake ya mwaka, wiki nne nzima, afanye kazi ya karakana kila siku, si Jumamosi tu. Jumamosi ni tamu kwa sababu Jumatatu mshahara upo. Jumatano ya wiki ya tatu, mteja hapokei simu na kipuri kimekuja cha saizi nyingine, ndiyo itakayomwonyesha kama kazi hiyo anaitaka.

Muulize pia ni zahanati ngapi zimesaini, si ngapi zimemsifu. Kusifiwa hakulipi kodi ya chumba. Zahanati ndogo nyingi hulipa baada ya miezi miwili, wakati mwingine mitatu, kwa sababu nazo zinasubiri kulipwa. Maana yake atanunua kipuri leo, atakifunga leo, na pesa ataiona watoto wameshafunga shule na kufungua tena. Kwa hiyo biashara inahitaji mtaji wake wa kuzungukia miezi hiyo, na nyumba inahitaji akiba yake, na viwili hivyo visilale kwenye akaunti moja. Akiba ya nyumba iwe ya miezi sita ya chakula, ada, rejesho la mkopo na dawa ya binti, na isitoke bila saini zenu mbili. Kama bado haijatimia, miezi mitano ni ya kuitimizia. Mazoezi mazuri ni haya: tangu mwezi ujao ishini kwa mshahara wako peke yako pamoja na pesa anayoipata Jumamosi, wa kwake baada ya makato wekeni. Mtajua kwa tumbo, si kwa maneno, maisha hayo yakoje. Na mwenye chumba asilipwe kodi ya miezi sita wiki ijayo. Mumeo amwombe miezi miwili miwili, akikataa, vyumba vipo.

Bima kaulizie wewe, maana wewe ndiye unayebaki. Uliza kama watoto wanaweza kuhamia kwenye jina lako, utakatwa kiasi gani, na kama kuna siku za kusubiri kabla haijaanza kufanya kazi, ili wahamie kabla hajaondoka na mtoto asibaki hata wiki moja bila dawa. Na dereva wa gari la wagonjwa aambiwe. Mumeo mwenyewe akamwambie, akiwa amesimama, kwamba makato ya mshahara yatakoma na rejesho atalipeleka kwa mkono, na miezi mitatu ya kwanza ya rejesho ameshaitenga. Yule amewekea dhamana mtu mwenye mshahara. Mtu huyo akibadilika, mdhamini asisikie kwa majirani.

Mwisho, wekeni mpaka, na muuandike mkiwa mnapendana. Baada ya miezi mingapi, ikiwa karakana haijaleta kiasi gani, au akiba ya nyumba ikishuka hadi wapi, atatafuta ajira tena bila kulaumiwa na bila wewe kusema "nilikwambia". Mpaka huo unakulinda wewe dhidi ya mkokoteni, na unamlinda yeye dhidi yako, kwa sababu kabla haujafikiwa huna ruhusa ya kununa kila mteja anapochelewa. Hati ya nyumba isiguswe hata kwa siku moja. Na mali bila daftari huisha bila habari, hilo sikufundishi wewe, utamtunzia la karakana, na safari hii usiruke mstari.

Mficha uchi hazai, bibie. Mumeo si mzembe. Mtu anayenunua kichujio kwa pesa yake ili watoto wa watu wapumue ni mtu ambaye wateja watamwamini. Kinachokosekana kwenu ni mazungumzo, na mazungumzo hayana kodi. Kafungue droo.

NA WIKI TANO BAADAYE

Mshauri wangu mpendwa, nimeandika hii nyumbani, kwenye karatasi niliyoinunua.

Nilimpa barua jioni ile ile, kwenye benchi nje ya karakana yake, wafuaji walikuwa wameshaondoka na mashuka bado yanapepea kwenye kamba. Nikamwambia la pasi kwanza, kama ulivyoniagiza, na sikuongeza "lakini" ingawa ilinifika kooni. Halafu la droo. Aliikunja barua, akaitia mfukoni. Siku mbili nzima hakunisemesha zaidi ya salamu, na mimi nilistahili. Siku ya tatu, tukiwa tunaanua nguo, alisema, "Nilijua utaifungua wewe. Sikutaka uizuie. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, mdomo ulikuwa unanikatalia." Kwa hiyo mshauri, hapo ulikosea kidogo, nakuambia kwa heshima. Mimi nililia kwenye shuka lililokauka, ikabidi lifuliwe tena.

Aliomba faili lake. Alirudi, akakaa, akasema, "Miezi mitano," kisha akacheka mwenyewe, safari hii si kwa meno tu. Ameiondoa barua kwa maandishi. Likizo yake inakwisha kesho, na wiki ya tatu ilikuwa mbaya kweli: kipuri kilikuja kikubwa kuliko mashine, na wawili kati ya waliomsifu sana hawapokei simu. Lakini zahanati tatu zimesaini, na kliniki ya yule daktari wa meno ni ya nne. Tumegombana kuhusu mpaka, yeye alitaka mwaka, mimi miezi sita, tumekutana kwenye tisa na tumeusaini wote wawili, umebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Watoto watahamia kwenye bima yangu mwezi wa nne kutoka sasa, kuna mwezi mmoja wa kusubiri, ungeniponza kama nisingeuliza. Dereva wa gari la wagonjwa aliambiwa, akafikiria sana, akasema atabaki kuwa mdhamini kwa sharti kwamba karakana ikifunguliwa mashine ya kupimia presha ya mama yake itengenezwe kwanza.

Kuishi kwa mshahara wangu na pesa ya Jumamosi ni kugumu. Mwezi huu tulifika mwisho tukihema. Ila tulifika.

Mkuu wangu alinisikiliza asubuhi, saa mbili, hacheki. Alinipa onyo kwa maandishi. Na kwa kuwa kila barua inapita kwangu, niliipokea mwenyewe, nikaigonga muhuri, nikaiandika namba 498 kwenye daftari, nikaipeleka kwenye faili langu. Alisimama mlangoni akinitazama mpaka nilipomaliza, na nadhani alicheka, ingawa ilikuwa bado saa tatu.

Pasi imepona. Hakuniambia, nimeikuta Jumapili ina joto, juu ya meza, na ovaroli yake imekunjwa pembeni ikisubiri kunyooshwa.

Droo ya chini sasa haina kufuli. Barua mpya ataiandika baada ya miezi minne, na ameniahidi safari hii ataileta mezani kwetu kwanza, nikiwa mkewe. Nikishaisoma hapo, ataileta dirishani, na mimi nitaigonga muhuri, nitaipa namba, na mstari wake hautabaki mtupu.